Karatasi moja ya Kifaransa, milango miwili: kwa nini B2 ya chuo haitoshi kwa kazi Kanada

Watu wa Lubumbashi waliosoma kwa Kifaransa tangu shule ya msingi wana swali moja wanalolirudia kila mara: kwa nini nilipie mtihani wa Kifaransa, wakati diploma yangu ya Serikali ni ya Kifaransa, vyeti vyangu vya UNILU ni vya Kifaransa, na hata Katiba ya nchi yetu ya 2006 inasema lugha rasmi ni Kifaransa? Swali hili ni la haki kabisa. Jibu lake linategemea jambo moja tu: unakwenda kusoma, au unakwenda kufanya kazi?

Anayekwenda kusoma anasomewa faili lake na chuo. Chuo kinataka kujua kama utaweza kufuata somo, kuandika kazi zako na kujibu mtihani. Kikiona miaka yako yote ya masomo ilikuwa kwa Kifaransa, mara nyingi kinaridhika na kukusamehe mtihani. Vyuo vingi vinavyofundisha kwa Kifaransa, Ufaransa na kwingineko, vina utaratibu wa kuwasamehe watu waliosomea kwenye nchi kama yetu. Kabla ya kutoa hata franga moja, andikia ofisi ya usajili ya chuo chenyewe uulize. Watu kadhaa hapa mjini wamelipia mtihani ambao chuo hakikuwa na haja nao.

Anayekwenda kufanya kazi anasomewa faili na serikali, na hapo hakuna msamaha. Chukua Kanada, ambako macho ya wengi yameelekea. Mfumo wake wa kuchagua wafanyakazi wenye ujuzi, Express Entry, unamtaka kila mtu apite mtihani wa lugha, hata aliyezaliwa Paris, hata mwalimu wa Kifaransa. Sababu ni kwamba watu wanapangwa kwa alama, kutoka wa juu hadi wa chini, na huwezi kuwapanga watu kwa alama bila kuwapima wote kwa kipimo kimoja. Diploma yako inasema umesoma kwa Kifaransa. Haisemi unasikiliza kwa kiwango gani leo.

Mpaka hapo watu wengi wanaelewa. Kinachowapotosha ni hatua inayofuata, yaani kudhani kwamba kiwango kinachokubaliwa na chuo ndicho kinachokubaliwa na kazi.

Vyuo huongea kwa viwango vya Ulaya: A1, A2, B1, B2, C1, C2. Chuo kikikuomba cheti cha Kifaransa, mara nyingi kinaomba B2. Kanada ina ngazi zake za Kifaransa zinazoitwa NCLC, zinazohesabiwa kwa namba. Programu ya wafanyakazi wenye ujuzi wa shirikisho inataka angalau NCLC 7. Mtu anaangalia maelezo ya haraka mtandaoni, anasoma kwamba NCLC 7 ni kama B2, anapumua. Hapo ndipo pesa nyingi zinapotelea, kwa sababu NCLC 7 iko ndani ya B2 lakini haianzi pale B2 inapoanzia.

Tuangalie kwenye TCF, mtihani unaoandaliwa na taasisi ya serikali ya Ufaransa iitwayo France Éducation international. Kusikiliza na kusoma vinapewa alama hadi 699. Kuandika na kuzungumza vinapewa alama juu ya 20. Kwa vipimo vya Ulaya, B2 ya kusikiliza inaanza 400 na kuishia 499. Lakini kwa Kanada, NCLC 7 ya kusikiliza inaanza 458. Kwa kusoma inaanza 453. Maana yake, mtu mwenye 430 ya kusikiliza ni B2 halali machoni pa chuo, na machoni pa Express Entry ni NCLC 6, yaani hafiki. Kwenye kuandika na kuzungumza vipimo viwili vinakutana: 10 juu ya 20 inafungua B2 na inafungua NCLC 7 pia. Tatizo liko kwenye masikio na macho, mahali ambapo mtu wa Lubumbashi hadhani kabisa kwamba anaweza kukosea.

Sasa tuweke karatasi moja mezani. Tuseme ni ya muuguzi wa Katuba, mwenye shahada na miaka kadhaa ya kazi hospitalini. Nimezipanga alama hizi mwenyewe ili zionyeshe jambo, lakini umbo lake ni la kawaida sana kwa watu waliosoma hapa kwetu. Kusikiliza 438. Kusoma 507. Kuandika 12. Kuzungumza 11.

Ukiisoma kwa jicho la chuo, karatasi hii ni nzuri. Kusikiliza ni B2, kusoma kumevuka hadi C1, kuandika na kuzungumza ni B2. Hakuna chuo kinachoomba B2 ambacho kitaikataa kwa sababu ya alama.

Isome sasa kwa jicho la Kanada. Kusoma 507 ni NCLC 8, kwa kuwa ngazi hiyo inaanza 499. Kuandika 12 ni NCLC 8. Kuzungumza 11 ni NCLC 7. Kusikiliza 438 ni NCLC 6. Programu ya wafanyakazi wenye ujuzi inataka NCLC 7 katika kila sehemu kati ya hizo nne, kwa hiyo 6 ile moja inafunga mlango wote. Kusoma kwake kuzuri hakuchangii chochote kwa kusikiliza kwake. Amekosa alama 20 katika sehemu moja, na kwa programu ile ni sawa na kwamba hakufanya mtihani.

Tofauti hii ndiyo kiini cha jambo lote: chuo kwa kawaida hutazama jumla, uhamiaji wa kazi hutazama sehemu iliyo dhaifu kuliko zote.

Hebu tuione upande wa DELF, diploma ya Kifaransa inayotolewa kwa jina la Wizara ya Elimu ya Ufaransa. DELF B2 ina sehemu nne, kila moja alama 25, jumla 100. Unafaulu ukipata 50, ilimradi usishuke chini ya 5 katika sehemu yoyote. Mtu anaweza kupata 8 kwa kusikiliza, 19 kwa kusoma, 15 kwa kuandika na 14 kwa kuzungumza. Jumla ni 56, amefaulu, na diploma yake inasema B2 bila alama ya mshangao pembeni. Sehemu zenye nguvu zimebeba ile iliyo dhaifu. Kwa chuo hilo ni sawa, kwa sababu mwanafunzi ana muda wa kukomaa. Na diploma hiyo haiishi muda wake, unaitumia leo na baada ya miaka 20.

Lakini DELF, hata iwe na alama nzuri namna gani, haipokelewi kabisa na Express Entry. Kwa Kifaransa, mfumo huo unapokea mitihani miwili tu: TCF Canada na TEF Canada. Nasisitiza neno Canada. TCF ya kawaida, ile iitwayo TCF Tout public, ina sehemu za lazima ambazo ni za kuchagua jibu, na kuandika na kuzungumza unajiandikisha kwa hiari. TCF Canada ina sehemu zote nne na zote ni za lazima. Mtu aliyelipia TCF ya kawaida hawezi kuigeuza baadaye kuwa ya Kanada kwa sababu eti alama ni zilezile. Itabidi alipe na akae upya.

Quebec ni habari nyingine, kwa kuwa jimbo hilo huchagua wafanyakazi wake lenyewe kwa masharti yake, na orodha yake ya vyeti ni pana zaidi: DELF na DALF zimo. Basi anayesema mjini kwamba DELF inatosha kwa Kanada huenda hadanganyi, huenda anaongelea Quebec. Muulize ni jimbo gani kabla ya kumfuata.

Kuhusu TEF Canada, mtihani wa Chemba ya Biashara ya Paris, nataka kusema jambo moja tu. Ulibadilisha kipimo chake cha alama Desemba 2023, na majedwali ya zamani bado yanazunguka kwenye WhatsApp. Ukiona jedwali linalosema kusikiliza 249 ni NCLC 7, hilo ni la zamani. Siku hizi NCLC 7 ya kusikiliza kwenye TEF Canada inaanza 434. Na usilinganishe namba za TEF na za TCF, ni vipimo viwili tofauti.

Turudi kwa muuguzi wetu. Afanye nini? Asirudie kujifunza Kifaransa chote, maana Kifaransa anacho. Arudi kwenye sehemu moja, kusikiliza, na aelewe kwa nini ilimwangusha.

Kusikiliza kwenye TCF Canada ni maswali 39 kwa dakika 35. Kila sauti inapigwa mara moja tu, hairudiwi. Maswali yanaanza rahisi, mtu ananunua mkate, mtu anauliza njia, kisha yanapanda hadi mjadala wa redioni kuhusu uchumi au sayansi, watu wawili wakikatizana, na jibu sahihi halitumii neno hata moja ulilolisikia. Katika yale ya mwanzo kila mtu aliyesoma hapa anajibu bila shida. Anaanza kupotea katikati, si kwa kukosa maneno bali kwa kasi. Kifaransa chetu cha darasani na cha ofisini ni cha pole, kinatamkwa silabi kwa silabi. Mfaransa akiongea nyumbani kwake anameza nusu ya maneno. Halafu kuna tabia ya kung'ang'ania swali lililopita: wakati bado unafikiria la 21, sauti ya 22 imeshapita, na umepoteza mawili badala ya moja.

Dawa yake ni ya kila siku na haina gharama kubwa. Chukua mjadala wa RFI, si taarifa ya habari inayosomwa taratibu, bali kipindi ambacho wageni wanabishana. Sikiliza dakika mbili, zima, andika kwa sentensi moja kila mgeni anataka nini na anakubaliana au anapingana na nani. Kisha sikiliza tena uhakikishe. Kinachopimwa huko juu ni kushika msimamo wa msemaji, si kunasa neno. Kwenye mtihani, ukikosa swali weka jibu lolote unaloliona karibu, songa mbele kabla sauti inayofuata haijaanza.

Kuzungumza nako kuna mtego ambao mtu mwenye adabu za kwetu huingia kirahisi. Mtihani ni dakika 12, kazi tatu. Ya kwanza unajieleza. Ya tatu unatetea maoni yako bila muda wa kujiandaa. Ya pili ndiyo ya ajabu kwetu: unapewa dakika mbili za kujiandaa, kisha wewe ndiye unayepaswa kumuuliza mtahini maswali. Mathalani mtahini ni jirani yako mpya, unataka kujua habari za mtaa. Sisi tumelelewa kwamba mbele ya mkubwa mwenye karatasi unajibu, huulizi. Mtahiniwa anauliza swali moja, anapewa jibu, anasema asante na kunyamaza, anangoja. Mtahini hatakuokoa, kwa sababu kazi ya kuendesha mazungumzo ni yako. Andaa maswali mengi, na yachanganye: ya moja kwa moja, ya kugeuza, ya kufuatilia jibu alilokupa sasa hivi. Mtu aliyezoea kusema Kifaransa na Kiswahili katika sentensi moja, kama tunavyofanya sote Lubumbashi, ajizoeze pia kukaa dakika 12 ndani ya lugha moja.

Kuandika ni saa moja kwa kazi tatu, na kila kazi ina kikomo cha maneno: ya kwanza maneno 60 hadi 120, ya pili 120 hadi 150, ya tatu 120 hadi 180. Ile ya tatu inakupa maandishi mawili mafupi yanayopingana. Unayafupisha kwa maneno 40 hadi 60, kisha unatoa msimamo wako kwa 80 hadi 120. Wanaoanguka hapa mara nyingi ni wasomi wenyewe, kwa kuwa wanaandika utangulizi mrefu kama wa kazi ya mwisho ya chuo na maneno yanakwisha kabla msimamo haujaonekana.

Basi ulenge kiwango gani? Kwa chuo kinachoomba B2, lenga B2 yenye nafasi kidogo ya kupumua, kisha weka nguvu zako kwenye faili, barua ya nia na pesa za masomo, kwa sababu C1 haitakuongezea sana pale ambapo B2 ndiyo iliyoombwa. Mtu anayejitesa mwaka mzima kutafuta C1 kwa chuo ambacho hakijaiomba anapoteza mwaka wa masomo.

Kwa kazi hesabu inageuka. NCLC 7 ni kizingiti cha kuingilia tu, na kila ngazi juu yake inalipa. Kwa mtu asiye na mwenzi kwenye faili lake, lugha ya kwanza inampa alama 17 kwa kila sehemu akiwa NCLC 7, alama 23 akiwa NCLC 8, na 31 akiwa NCLC 9. Sehemu nne za NCLC 7 ni alama 68. Sehemu nne za NCLC 9 ni 124. Angalia mruko kati ya 8 na 9, ni mkubwa kuliko ule wa 7 hadi 8. Kwenye TCF Canada, NCLC 9 ni kusikiliza 523, kusoma 524, kuandika 14 na kuzungumza 14. Kwa mtu aliyesoma miaka yote kwa Kifaransa lengo hilo linafikika kwa miezi kadhaa ya mazoezi yenye mwelekeo, na hakuna sehemu nyingine ya faili, wala umri wala diploma, unayoweza kuipandisha kwa gharama ndogo namna hiyo.

Juu ya hapo, tangu 2023 Kanada huita duru maalumu za watu wanaojua Kifaransa, na sharti ni NCLC 7 katika sehemu zote nne. Mara nyingi alama ya kukatia katika duru hizo huwa chini kuliko ya duru za kawaida. Hii ni fursa ambayo mtu wa Lubumbashi anaishika kwa mkono wake mwenyewe, na ndiyo maana inaniuma kuona mtu anaikosa kwa alama 20 za kusikiliza.

Kuna nafasi nyingine iliyofichika, na inapitia Kiingereza. Mwenye NCLC 7 kote kwa Kifaransa anaongezewa alama 25 hata bila kufanya mtihani wa Kiingereza. Akionyesha Kiingereza cha ngazi ya 5 ya Kanada katika sehemu zote nne, nyongeza inakuwa 50. Ngazi ya 5 si mlima: kwenye IELTS ni 5.0 kwa kusikiliza, kuandika na kuzungumza, na 4.0 tu kwa kusoma. Mtu aliyefanya biashara Kasumbalesa au aliyesoma kidogo Zambia anaweza kuwa karibu na hapo bila kujijua.

Lakini kwa IELTS pia chagua mlango wako. Kuna IELTS Academic na IELTS General Training. Kusikiliza na kuzungumza ni kulekule, kusoma na kuandika ni tofauti. Katika Academic unaeleza grafu au mchoro, katika General unaandika barua. Chuo kinataka Academic. Express Entry inataka General Training, na ukipeleka Academic hawaipokei, hata ikiwa na 8. Na hapa tena ile tofauti ya jumla na sehemu inajitokeza. Mtu amepata 7.0 kusikiliza, 7.5 kusoma, 5.5 kuandika, 6.5 kuzungumza. Wastani ni 6.625, unakatwa kuwa 6.5. Chuo kinachotazama wastani wa 6.5 peke yake kinampokea. Chuo kama Toronto, kinachotaka 6.5 na pasiwe na sehemu iliyo chini ya 6.0, hakimpokei kwa sababu ya ile 5.5. Kwa hiyo hata vyuo havifanani, soma mstari wa pili wa sharti, si wa kwanza tu.

Wauguzi nao wana jambo lao. Baraza la wauguzi la Uingereza, NMC, linataka IELTS Academic hata kama unakwenda kazini: 7.0 kwa kusikiliza, kusoma na kuzungumza, na 6.5 kwa kuandika. Hapo anayeomba cheti ni baraza la taaluma, nalo lina kanuni yake mbali na ile ya viza. Mwenye taaluma inayodhibitiwa, muuguzi, daktari au mfamasia, aanze kusoma sharti la baraza lake kabla ya sharti la uhamiaji.

Sasa nizungumze na anayekwenda kusoma Kanada na kusema moyoni kwamba mambo ya NCLC hayamhusu. Yanamhusu, tena mapema kuliko anavyofikiri. Agosti 2024 Kanada ilifungua mpango wa majaribio kwa wanafunzi wa Kifaransa wanaokwenda kwenye shule zilizoteuliwa nje ya Quebec, na Kongo yetu imo kati ya nchi zake. Mpango huo unaomba NCLC 5 katika sehemu zote nne. Na kuanzia Novemba 2024, anayemaliza chuo kikuu Kanada na kuomba kibali cha kazi baada ya masomo anapaswa kuonyesha NCLC 7, ilhali wa koleji kwa kawaida anaonyesha NCLC 5. Yaani yule kijana wa Kampemba aliyesamehewa mtihani wakati wa kuingia atakutana nao wakati wa kutoka. Cheti chake cha chuo cha Kanada hakimsamehe. Ajipange mwaka wa mwisho wa masomo, kabla kibali cha mwanafunzi hakijaisha.

Muda ndio unaowaangusha hata wenye alama nzuri. Matokeo ya TCF Canada, TEF Canada na IELTS yanatumika miaka 2 kwa Express Entry, na lazima yawe hai siku unayofungua wasifu wako na pia siku unayotuma ombi lenyewe la ukaaji wa kudumu. Ukipata mwaliko una siku 60 za kutuma ombi. Tuseme matokeo yako yana tarehe ya katikati ya Machi 2025, na mwaliko umekuja mwishoni mwa Februari 2027. Siku 60 zinakupeleka hadi mwisho wa Aprili, lakini cheti chako kinakufa katikati ya Machi. Huna siku 60, una wiki mbili na kitu, na cheti cha polisi bado hujakiomba. Kwa hiyo usikimbilie mtihani kabla hujaanza kutengeneza hati nyingine. Kwanza omba tathmini ya diploma zako, kwa sababu hati kutoka chuo na wizara huchelewa, kisha weka mtihani karibu na siku utakayofungua wasifu.

Siku ya kujiandikisha, chukua pasipoti mkononi. Majina yetu ni matatu, jina la familia, postnom na jina la ubatizo, na kila fomu ya kigeni ina nafasi mbili tu. Yaandike yote kwa mpangilio uleule wa pasipoti, herufi kwa herufi. Karatasi ya matokeo yenye postnom iliyoachwa, mbele ya pasipoti yenye postnom, inaweza kukuletea maswali na barua za maelezo wakati ambao huna nafasi ya kupoteza. Pasipoti yako ikikaribia kuisha, itengeneze upya kabla ya mtihani.

Halafu kuna wale wanaopita wakisema wanaweza kukupatia karatasi ya NCLC 9 bila kukaa kwenye kiti. Maafisa wa Kanada wana njia ya kuhakiki matokeo kwa wenye mtihani wenyewe, hawategemei karatasi unayowaletea. Anayekamatwa na cheti cha uongo anazuiwa kuomba kwa miaka 5, na jina lake linabaki kwenye mfumo. Mtu aliyekuuzia karatasi hatakuwepo siku hiyo.

Kabla ya kulipa, nenda Institut français, pale Halle de l'Étoile, uulize kwa jina kamili: kikao kijacho cha TCF Canada ni lini, au kama unakwenda chuo, cha DELF B2 au TCF Tout public. Usiulize tu "mtihani wa Kifaransa". Kama kikao unachokitaka hakipo Lubumbashi kwa tarehe zako, hesabu tikiti ya Kinshasa ndani ya bajeti, na kwa IELTS hesabu safari ya Lusaka, na visa ikihitajika. Na ukiwa na matokeo mkononi, kabla hujafurahi wala hujahuzunika, chukua kalamu uandike pembeni ya kila sehemu ngazi yake ya NCLC, moja moja, kisha tazama ile ndogo kuliko zote. Ikiwa ni 7 au zaidi, fungua wasifu wiki hiyohiyo. Ikiwa ni 6, unajua tayari ni sehemu gani moja utakayoifanyia kazi kabla ya kulipa tena.